Msuli wa kinena: maumivu yameisha, mbona ukarudi kuchanika?

SWALI

Asalaam aleikum daktari. Nina miaka 23, nacheza winga wa kulia hapa Amu, na kona na mipira ya adhabu ni zangu. Mwezi uliopita niligeuka ghafla nikimfuata beki, nikasikia kitu kimevutika kinenani upande wa kulia. Nikapumzika siku 12, bibi akanichua kwa mafuta ya uto ya moto, maumivu yakaisha kabisa. Niliporudi, mechi ya kwanza tu, kona ya pili, pakavutika tena palepale, mara hii zaidi. Hiyo ni Jumamosi, leo Jumatano. Natembea vizuri lakini hatua ndefu inauma, na kupanda boti pia, na kazi yangu ni kuvusha abiria kwenda Manda. Nikibonyeza, panapouma ni kama vidole viwili chini ya mfupa, na kuna weusi kidogo kwenye paja la ndani. Nusu fainali ni baada ya wiki tatu. Nitacheza? Na kwa nini ilirudi wakati nilikuwa nimepona?

JIBU

Waaleikum salaam ndugu yangu.

Mara ile ya kwanza hukuwa umepona. Maumivu ndiyo yaliyoondoka. Msuli ulikuwa bado dhaifu, na katika siku 12 hizo hakuna ulichofanya ambacho kingeweza kukuonyesha udhaifu huo, kwa sababu kutembea, kupanda ngazi na hata kukimbia polepole kwa mstari ulionyooka hakuugusi sana. Kona inaugusa.

Ndani ya paja kuna kundi la misuli inayovuta mguu kuuleta katikati, ile unayoitumia ukifumba mapaja. Inayoumia mara nyingi kwa wachezaji wa mpira ni mmoja, mrefu, unaoanzia kwenye mfupa wa kinena kwa kano fupi na kushuka hadi katikati ya mfupa wa paja. Ukikaa na kupeleka goti pembeni, ile kamba ngumu inayojitokeza juu kabisa ya paja la ndani ndiyo kano yake. Unapopiga kona, mguu wa kulia unakwenda nyuma na nje kwanza, na msuli huu unavutika kwa kasi. Kabla haujamaliza kuvutika, unatakiwa uanze kukaza ili urudishe mguu mbele ukakutane na mpira. Msuli unaorefushwa huku unakaza ndio unaochanika. Kugeuka ghafla ni jambo lilelile kwa njia nyingine: unakita mguu mbali na mwili, kiwiliwili kinakwenda upande wa pili, na msuli unabaki ukizuia mapaja yasiachane. Ndiyo maana uliumia kwa kugeuka na ukaumia tena kwa kupiga, mahali pamoja.

Hilo la vidole viwili chini ya mfupa ni habari njema kiasi. Linaelekeza kwamba mchaniko uko pale msuli unapoungana na kano, mahali penye damu ya kutosha, na huwa panaunga vizuri. Kama ungebonyeza mfupa wenyewe ukaruka kwa maumivu, ningekuambia usahau nusu fainali. Mchaniko mdogo au wa wastani kama wako kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne mchezaji kurudi kwenye mazoezi kamili. Kano ikingoka kabisa mfupani ni miezi miwili hadi mitatu. Wako umechanika mara mbili, kwa hiyo hesabu karibu na wiki nne kuliko mbili.

Kabla hujaanza lolote, hakikisha tunazungumzia msuli. Nenda ukaonwe na daktari ikiwa ulisikia mlio wa kukatika na weusi ukaendelea kushuka hadi karibu na goti, au ukigusa unahisi shimo mahali palipokuwa na kamba. Nenda pia ikiwa kuna uvimbe unaotokeza ukikohoa na kurudi ukilala, kwa sababu hiyo huenda ni ngiri; au ikiwa kuna tezi zilizovimba kinenani pamoja na homa, ile inayoitwa mtoki. Maumivu ya ndani kabisa ya nyonga unapozungusha mguu, au yanayokuamsha usiku, yanaweza kuwa ya kiungo chenyewe au ya mfupa. Na korodani ikiuma ghafla na kwa nguvu, hilo si la kungoja hadi asubuhi. Ni hospitali saa ileile, kwa maana korodani iliyojipinda hufa ndani ya saa chache.

Sasa kipimo. Hiki nataka ukishike kuliko zoezi lolote, kwa sababu ndicho kitakachokuambia ukweli ambao kutembea hakukuambii. Lala chali kwenye mkeka, miguu imenyooka. Mwenzako aweke mkono wake, kutoka kiwiko hadi kiganja, katikati ya vifundo vya miguu yako, au muweke mpira. Bana kwa nguvu zako zote kwa sekunde 5, kisha taja maumivu ya kinenani kwa namba, 0 hadi 10. Ikiwa ni 0 hadi 2, uko kijani: endelea na ratiba. Ikiwa ni 3 hadi 5, ni njano: baki ulipo au rudi hatua moja. Ikiwa ni 6 au zaidi, ni nyekundu: simamisha. Fanya kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kabla hujaenda gatini, na uandike namba kwenye simu. Namba ya asubuhi inapima kazi ya jana. Msuli huu una tabia ya kunyamaza wakati mwili una joto na kulalamika siku ya pili, na mchezaji anayejisikiliza uwanjani tu huwa anasikiliza saa isiyo sahihi.

Wiki hii usijaribu kipimo hicho kwa nguvu zako zote. Kunja magoti kwanza, nyayo chini, mpira katikati ya magoti. Mkao huo unaupunguzia msuli mzigo kwa sababu umbali kutoka nyonga hadi mpira ni mfupi. Bana taratibu, simama pale maumivu yanapofika 2, shikilia hapo sekunde 10, legeza sekunde 10. Rudia mara 10, asubuhi na jioni. Siku ya nne si mapema mno, na zoezi hili si la kupasha mwili tu. Nyuzi mpya zinazojengwa sasa zinajipanga kufuata upande zinakovutwa, na zisipovutwa kabisa zinashikana ovyo kama kamba iliyojisokota.

Barafu unaweza kuitumia siku hizi mbili tatu kama inakupa nafuu. Ifunge kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Inatuliza maumivu, haiungi msuli. Kaptura ya kubana inasaidia zaidi, hasa ukiwa kazini.

Kuhusu kuchuliwa, mwambie bibi kwa heshima zote kwamba asubiri. Kuchua kwa nguvu na mafuta ya moto juu ya mchaniko wa siku nne kunafungua mishipa midogo iliyokuwa imeanza kuziba, na damu inamwagika tena ndani ya nyama. Baada ya wiki moja anaweza kukupaka polepole kwenye paja, chini ya mahali penyewe, si juu yake, na hilo likakustarehesha. Lakini lisichukue nafasi ya mazoezi. Mwaka 1999 madaktari wa Denmark walitoa matokeo ya wanamichezo 68 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya msuli huuhuu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuutia nguvu, jingine lilitibiwa kwa kuchuliwa, kunyooshwa na mashine. Waliorudi mchezoni bila maumivu walikuwa 23 katika kundi la mazoezi na 4 katika kundi la pili. Wale walikuwa na jeraha sugu, na lako si sugu bado. Lakini huko ndiko linakoelekea likichanika mara ya tatu.

Kunyoosha nako kuache. Najua kila mchezaji akihisi kinena kimekaza hupanua miguu na kujivuta. Kukaza huko ni ulinzi. Ukiuvuta msuli uliochanika hadi mwisho wake unaachanisha kingo zinazotafutana. Urefu utarudi wenyewe kupitia mazoezi ya hatua ya pili.

Kazini, hatua yenyewe ya kupanda boti ndiyo adui. Mguu mmoja gatini, mwingine kwenye boti, na boti ikasukumwa na wimbi: hapo mapaja yanaachanishwa na msuli unazuia, yaani ni kama kugeuka uwanjani, bila kupasha mwili moto. Vuta boti kwa kamba hadi iguse gati, ushuke kwa kukaa kwanza kwenye ukingo, kisha uingize miguu yote miwili pamoja. Ukisimama kushika usukani, usitanue miguu. Kupanda punda pia kuache hadi namba ya asubuhi iwe 2 au chini kwa siku tatu mfululizo, maana juu ya punda unatanua na kubana kwa wakati mmoja, tena kwa nusu saa nzima. Kukaa kitako kwa kukunja miguu hakuna tatizo kama hakuumi. Kukiuma, kaa kwenye kiti, na kwenye sala kaa kwa namna inayokupa wepesi.

Dawa: panadol kama usiku unasumbuka. Diklofenaki na brufeni zipunguze kadiri uwezavyo, na usimeze dawa yoyote ya maumivu kabla ya kipimo cha asubuhi wala kabla ya mazoezi. Ukiizima namba, umezima taa pekee uliyo nayo. Na akitokea mtu wa kukuahidi sindano siku ya mechi ili usisikie, kataa.

Ukiweza kubana mpira kwa magoti yaliyokunjwa, nguvu zote, bila maumivu, na kipimo cha miguu iliyonyooka kikawa 2 au chini, ingia hatua ya pili. Kwa hali yako nakisia itakuwa kati ya siku ya saba na ya kumi, lakini namba ndiyo inayoamua, kalenda haiamui. Lala ubavu wa kulia, mguu wa kushoto uukunje na kuukita mbele, kisha inua mguu wa kulia ulionyooka kuelekea juu. Hesabu tatu ukipanda, tatu ukishuka, mara 12, seti tatu. Halafu simama kwenye sakafu laini ya simenti, mguu wa kulia juu ya kitambaa kikavu. Uache uteleze nje polepole huku goti la kushoto likikunja, kisha uvute urudi kwa nguvu ya paja la ndani. Mara 8, seti tatu. Mara ya kwanza teleza futi moja tu. Kila siku ya mazoezi ongeza kidogo. Hapa ndipo urefu unaporudi, kwa sababu msuli unarefuka huku ukifanya kazi, kama utakavyotakiwa kwenye kona, ila polepole.

La tatu ni mpira wa tyubu ya baiskeli. Kata ukanda wa mita moja na nusu, funga ncha moja kwenye nguzo kimo cha kifundo cha mguu, nyingine kwenye mguu wa kulia, nguzo ikiwa upande wako wa kulia. Vuta mguu kuupitisha mbele ya ule wa kushoto, kisha uurudishe ukizuia mpira usikurushe. Seti tatu za 15. Kosa linaloonekana kila mara hapa ni mtu kuuacha mpira umrudishe mguu kwa ghafla. Kurudi ndiko kwenye faida. Mazoezi haya matatu fanya siku moja, pumzika siku moja.

Kukimbia anza katika hatua hiihii, mara tu kutembea kwa haraka kusipouma. Nenda Shela maji yakiwa yametoka, kwenye mchanga mbichi mgumu. Mchanga mkavu unakula nguvu ya paja la ndani kwa sababu mguu unateleza pembeni kila unapokanyaga. Angalia pia mteremko: ufuo umeinama kuelekea maji, na ukikimbia upande mmoja tu, mguu mmoja unakanyaga juu na mwingine chini kwa njia nzima, na kinena kimoja kinabeba zaidi. Tafuta palipo sawa, kimbia kwenda na kurudi kwa idadi ileile. Mita 60, nusu ya kasi yako, mara 8, na katikati tembea. Kesho yake soma namba. Ikibaki kijani, ongeza kasi siku inayofuata hadi robo tatu. Kasi kamili ije siku ya nne au ya tano ya kukimbia.

Zoezi la hatua ya tatu ndilo lililokosekana mara ya kwanza, na baraza ya nyumba yenu inatosha. Linajulikana kwa jina la Kopenhageni. Lala ubavu wa kushoto juu ya mkeka kando ya baraza, kiwiko cha kushoto chini ya bega. Weka mguu wa kulia juu ya baraza, wa kushoto ubaki chini. Sasa bonyeza baraza kwa mguu wa kulia hadi nyonga ziinuke na mwili uwe mstari mmoja kutoka bega hadi mguu, na mguu wa kushoto uinuke ukakutane na wa kulia. Sekunde 3 kupanda, sekunde 3 kushuka. Mara za mwanzo usiweke kifundo juu ya baraza. Weka goti na sehemu ya ndani ya muundi, na uweke kitambaa kwa sababu jiwe linachuna. Mara 6, seti mbili, kila mguu. Ukifanya siku mbili tofauti bila asubuhi ya njano, sogeza mwili mbali hadi kifundo ndicho kikae juu. Uzito unaongezeka sana kwa badiliko hilo moja, kwa hiyo punguza hadi mara 4 na upande tena polepole kufikia seti tatu za 8 au 10. Nyonga zikianza kulegea kuelekea chini au kugeukia mbele, seti imekwisha hata kama hesabu haijatimia.

Tegemea paja la ndani liume siku ya pili, miguu yote miwili, maumivu mapana kama ya mtu aliyelima. Hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni yale ya nukta moja, upande wa kulia tu, palepale chini ya mfupa.

Wakati wa hatua hii ndipo mpira unaporudi, na hapa wachezaji wengi wanakosea mpangilio. Wanadhani pasi ya ndani ya mguu ndiyo nyepesi kwa sababu ni fupi. Kwa kinena si nyepesi, kwa maana mguu umegeuzwa nje na unavutwa kupita mbele ya mwili, kazi yote ya msuli huu. Kwa hiyo anza nayo kwa umbali wa mita 5 na nguvu ndogo, pasi 20 tu, na uzihesabu kwa sauti. Siku ya pili pumzika na usome namba. Kisha pasi 30 za mita 15. Kisha mipira 15 ya juu ya mguu, mita 20, ikiwa imetulia. Kisha krosi 10 kutoka pembeni ukiwa unakimbia. Kona za nguvu zote ziwe za mwisho kabisa, 5 siku ya kwanza na 10 siku ya pili. Kati ya kila hatua acha siku moja bila kupiga. Ikitokea njano, rudi hatua iliyotangulia. Usirudi mwanzo.

Kugeuka nako kuna ngazi zake. Panga ndara nne uwanjani, umbali wa mita 10, na uvae viatu vya mechi, kwa sababu njumu zinazoshika ardhi ndizo zinazouvuta msuli, na mazoezi ya pekupeku hayatakuandaa. Zunguka ndara kwa upana kwanza, halafu kata kona kwa pembe ndogo, halafu pembe mraba, na mwisho simama ghafla na urudi ulikotoka. Mara 6 kila upande, kwa kasi unayoimudu bila kufikiri. Kisha mwenzako akuonyeshe upande kwa mkono ukiwa tayari unakimbia, maana mechini hujui utageukia wapi hadi beki ageuke.

Kabla ya kurudi kikosini nataka kitu kimoja zaidi, na Amu hakikosi: mizani ya ndoana ya kupimia samaki, ya kilo 50. Ifunge kwenye nguzo au nondo za dirisha la chini, kimo cha mguu wako ukiwa umelala. Lala chali, nguzo iwe nje ya mguu unaopimwa, mkanda mpana juu kidogo ya kifundo, ndoana ya mizani ndani ya mkanda. Mtu mmoja akushike kiuno usiteleze, mwingine asome. Vuta mguu kuuleta katikati, pandisha nguvu taratibu kwa sekunde 3, usishtue. Jaribu mara tatu, chukua kubwa. Anza na mguu mzima, kisha ulioumia, umbali kutoka nguzo uwe uleule. Tuseme wa kushoto unasoma kilo 22. Wa kulia ukisoma 15, hata kama huna maumivu hata chembe, uko kwenye asilimia 68, na hapo ndipo nadhani ulipokuwa uliposimama kwenye kibendera mara ile. Unataka angalau 20, yaani asilimia 90. Usipime hivi kabla namba ya asubuhi haijakaa 2 au chini, kwa sababu kipimo chenyewe ni nguvu zote.

Basi hesabu ya nusu fainali. Hadi siku hiyo utakuwa na siku kama 25 tangu kuumia. Ili uwemo kikosini, siku hiyo iwe imekukuta hivi: kubonyeza pale chini ya mfupa hakuumi, kubana miguu iliyonyooka ni 0 au 1 kwa siku tatu mfululizo, mizani imesoma asilimia 90, umepiga kona 10 za nguvu na umegeuka kwa kasi kamili bila asubuhi ya njano, na umemaliza mazoezi mawili kamili na timu, ukikabwa kama wengine. Nikipanga nyuma kutoka siku ya mechi, lazima uwe umeanza kifundo juu ya baraza kufikia siku ya 15, na kupiga mpira kufikia siku ya 13 au 14. Ukichelewa siku nne kwenye hatua yoyote, hutaiwahi. Mwambie kocha sasa, si siku ya kupanga timu.

Ukitimiza yote, cheza dakika 20 au 25 za mwisho, si 90. Msuli unaochoka unapoteza uwezo wa kuzuia ukiwa umerefuka, na mazoezi mawili ya timu hayawezi kukujengea pumzi ya mechi nzima. Ingia ukiwa umepasha mwili dakika 15, pamoja na kubana mpira kwa magoti mara 5 na krosi chache za kupanda nguvu polepole, kwa sababu mchezaji wa akiba anayeinuka kwenye benchi na kwenda moja kwa moja kupiga kona ana msuli baridi kama aliyetoka kulala.

Baada ya hapo, Kopenhageni ibaki, mara moja kwa wiki msimu ukiendelea na mara tatu kwa wiki wakati wa maandalizi. Huko Norwei, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwa timu za wanaume za ngazi ya kati ulionyesha waliofanya zoezi hili peke yake kwa mpangilio wa namna hii walipata matatizo ya kinena kwa asilimia 41 pungufu kuliko timu ambazo hazikulifanya. Lifanye baada ya mazoezi ya timu, na si siku ya kabla ya mechi.

Na kwa mechi mbili tatu za mwanzo, kona za kulia apige mwenzako. Wewe simama ukingoni mwa boksi, ungoje mpira unaorudi.